Ripoti ya Afya Kazini: Hoja Tano Zisizosimama

Kila mwaka, waajiri wengi wa Garissa huwapeleka wafanyakazi wao kupimwa afya, na siku chache baadaye bahasha zinarudi. Ndani mna kurasa kadhaa za tarakimu, na pembeni mwa baadhi ya mistari kuna herufi H au L, ya kiwango kilichopanda au kilichoshuka. Kuanzia hapo mjadala huanza, ofisini, kwenye mabaraza ya chai na ndani ya magari yanayoelekea Dadaab. Hoja zinazotolewa mnazijua. Nimezisikiliza kwa makini, na kwa maoni yangu hakuna hata moja inayoweza kumwongoza mtu afanye nini na karatasi aliyoishika. Nitazipitia moja baada ya nyingine, nanyi wasomaji mtakuwa mahakimu.

Ili tusizungumze hewani, nitaweka ushahidi mmoja mbele yenu. Ni ripoti niliyoitunga kama mfano, kwa kufuata sura ya kawaida ya ripoti hizi. Mwenye ripoti ni mtunza bohari mjini Garissa, mwanamume wa miaka 46, asiye na malalamiko yoyote. Ripoti ina vipimo 30 vya maabara na vinane vimewekewa alama. Nyutrofili, ambazo ni aina ya seli nyeupe za damu, ziko 1.7 wakati kikomo cha chini ni 2.0. Asilimia ya nyutrofili imeshuka na asilimia ya limfosaiti imepanda. Yurea ni 8.4, juu kidogo ya kawaida, lakini kreatinini haina tatizo. Potasiamu ni 5.8. Sukari ni 7.8. Mkojo una protini ya alama moja ya kujumlisha. Kipimo cha brusela kimesomeka chanya. Kwenye ukurasa wa kwanza, karibu na uzito na urefu, muuguzi ameandika kwa kalamu: presha 156/98. Hapo hapana alama yoyote.

Hoja ya kwanza inasema kwamba wingi wa alama ni wingi wa ugonjwa. Kwa haki yake, hoja hii ina mantiki ya juu juu: kama alama moja ni tatizo, basi nane ni matatizo manane. Lakini angalieni mipaka ya kawaida inavyopatikana. Maabara huchukua watu wenye afya, hupima, kisha hukata ncha mbili na kubakisha asilimia 95 ya katikati. Maana yake ni kwamba katika kila kipimo, watu 5 kati ya 100 wenye afya kamili watawekewa alama kwa sababu ya mkato huo tu. Mtu mwenye afya akipimwa vitu 30 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau alama moja ni karibu asilimia 79. Anayetoka bila alama hata moja ndiye nadra.

Kuna jambo la pili. Mipaka iliyomo ndani ya mashine nyingi ilitoka kwa watu wa nchi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima watu wazima wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, na ukaonyesha kwamba zaidi ya theluthi yao wangehesabiwa kuwa na kasoro kama wangepimwa kwa vigezo vya Marekani. Nyutrofili ni mfano ulio wazi. Waafrika wengi wamerithi kiwango cha chini cha seli hizi katika damu inayozunguka, bila kuugua zaidi ya wengine. Mtunza bohari wetu ana 1.7, hana homa wala vidonda vya mdomo vinavyorudi rudi. Kiwango kikishuka chini ya 1.0 ndipo mazungumzo yanabadilika.

Tena tazameni alama zake tatu za kwanza. Nyutrofili zikipungua kwa idadi, asilimia yake nayo hushuka, na asilimia ya limfosaiti hupanda ili jumla ifike 100. Huo ni ukweli mmoja uliochapishwa mara tatu. Kwa hiyo anayehesabu alama anahesabu wino. Nakiri kwamba alama nane kati ya 30 ni zaidi ya zile moja au mbili ambazo bahati pekee ingeleta, na ndiyo maana siwaambii mtupe ripoti. Nasema hesabu yenyewe haituelezi ni alama ipi ya kushughulikiwa.

Hoja ya pili inageuza ya kwanza: pasipo alama pana salama. Wanaoisema mara nyingi ndio wale wale wanaodai kwamba alama hazina maana, kwamba ni biashara ya kliniki. Hawawezi kushika yote mawili. Kama mashine haiaminiki inapoweka alama, kwa nini iaminike inaponyamaza?

Ukweli ni kwamba ukimya wa ripoti una sababu zake. Sababu ya kwanza iko kwenye ukurasa wa mbele. Mashine ya maabara huweka H na L kwenye vitu inavyovipima yenyewe. Presha hupimwa na mtu na kuandikwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna mashine ya kuiwekea alama. Namba iliyo nzito kuliko zote katika ripoti ya mtunza bohari, 156/98, ndiyo pekee iliyopita kimya, wakati nyutrofili zisizo na hatari zimepata alama tatu.

Sababu ya pili ni barabara. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, na kutoka Wajir au Mandera ni mbali zaidi. Pale sampuli zinaposafirishwa badala ya kupimwa hapo hapo, damu huendelea kuishi ndani ya chupa. Seli zake hula sukari. Damu ambayo haijatenganishwa, ikikaa kwenye joto la kawaida la chumba, hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa, na kwenye joto letu kasi huongezeka. Chukueni mtu aliyetolewa damu sukari ikiwa 7.4. Ikipungua kwa asilimia 6 kila saa, baada ya saa nne itasomeka karibu 5.8. Hakuna alama, na mtu anarudi nyumbani akiamini yuko sawa. Chupa yenye dawa ya kuzuia ulaji huo husaidia, lakini dawa hiyo huchelewa kufanya kazi, na saa ya kwanza au mbili sukari bado hushuka. Swali la kuuliza kliniki ni fupi: damu yangu ilitenganishwa baada ya muda gani, na wapi?

Hapo wapinzani huona mwanya. Wanasema: basi kama safari huharibu sampuli, ripoti yote ni takataka. Hapana, kwa sababu uharibifu huo una mwelekeo. Chukueni potasiamu ya mtunza bohari, 5.8. Potasiamu nyingi hukaa ndani ya seli. Damu nzima ikiwekwa juu ya barafu kwenye sanduku la baridi, au seli zikipasuka kwa kuvutwa kwa nguvu na sindano, potasiamu huvuja na kipimo hupanda bila mtu kuwa na tatizo. Kwa mtu mwenye kreatinini ya kawaida, asiyetumia dawa za presha zinazopandisha potasiamu, hayo ndiyo maelezo yenye nguvu zaidi. Lakini hakuna kuchelewa kunakoongeza sukari ndani ya chupa. Kama sampuli yake ilikaa, basi sukari yake halisi ilikuwa 7.8 au zaidi. Anayetumia safari kufuta alama ya potasiamu hawezi kuitumia kufuta alama ya sukari. Kwa sukari, safari ni shahidi wa upande wa pili.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi: presha ilipanda kwa sababu ya joto, foleni na miraa, na sukari ni ile chai ya asubuhi. Hii ni hoja yenye ukweli ndani yake, kwa hiyo tuipasue vipande.

Joto tuliondoe kabisa. Joto hupanua mishipa ya damu, na mwili ukitoka jasho hupoteza maji, kwa hiyo kwa kawaida presha huelekea kushuka. Anayesema presha yake ilipandishwa na jua la Garissa ametaja sababu inayofanya kazi kinyume na dai lake. Kama ilisomeka 156 kwenye joto, hakuna sababu ya kudhani ingekuwa chini mahali pa baridi.

Foleni, mazungumzo, kibofu kilichojaa na mkanda mdogo kwenye mkono mnene, vyote huongeza namba kweli. Dawa yake ni kupima upya kwa utaratibu: kukaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono umelala usawa wa moyo, kipimo mara mbili na dakika moja au mbili katikati. Kisha irudiwe siku nyingine. Ikiwa siku mbili tofauti kliniki inapata 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kutibiwa, na foleni haiwezi tena kulaumiwa.

Miraa nayo hupandisha presha na mapigo ya moyo kwa saa kadhaa. Kwa hiyo ni haki kudai kipimo cha asubuhi kabla ya kutafuna. Lakini fuateni hoja hiyo hadi mwisho. Mtu anayetafuna kila alasiri hadi usiku ana presha ya juu kila alasiri hadi usiku. Ukuta wa mshipa haujali presha ilitoka wapi. Kusema "ni miraa tu" ni kutaja chanzo, na chanzo hakiondoi madhara yake.

Tuje kwenye chai. Mtunza bohari alikunywa chai ya maziwa yenye sukari kabla ya kutolewa damu, na sehemu ya fomu inayouliza kama alifunga haikujazwa. Hapa utetezi una uzito. Baada ya kula au kunywa, 7.8 peke yake si kisukari, maana kiwango cha kutia shaka nzito wakati wowote wa siku ni 11.1. Lakini kama mtu hajala kwa saa nane, 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari, na 7.8 imeshapita hapo. Namba ile ile ina maana mbili kwa sababu ya kikombe kimoja. Kwa hiyo chai haimwachilii huru. Inafanya kesi iahirishwe hadi apimwe asubuhi bila kula, au apimwe HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu na kisichojali kifungua kinywa. Kwa HbA1c, 6.5 na kuendelea ni kiwango cha kisukari. Mtu asiye na dalili huhitaji majibu mawili yanayokubaliana kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Wanaotumia chai kama kinga huwa hawarudi kupimwa bila chai, na hapo ndipo hoja yao inapoanguka: wametoa sababu nzuri ya kurudia kipimo, wakaitumia kutorudia.

Hoja ya nne inaelekea upande mwingine: brusela imesomeka chanya, kwa hiyo anza dawa leo. Wenye hoja hii wana msingi. Eneo letu ni la mifugo, maziwa ya ngamia hunywewa mabichi na watu wengi, na brusela ni ugonjwa wa kweli unaoumiza mgongo na viungo na kuleta homa zinazokuja na kuondoka. Sipingi hatari yake. Napinga kipimo kile kimoja.

Kipimo cha haraka cha kuchanganya tone la damu na dawa kwenye kibao hutafuta kingamwili. Kingamwili huweza kubaki muda mrefu baada ya mtu kukutana na kijidudu, hata akiwa amepona, na huweza kuchokozwa na vijidudu vingine. Utafiti uliofanywa katika hospitali za magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulipima wagonjwa kwa kipimo cha aina hii na kwa kingine kinachoaminika zaidi, kiitwacho Rose Bengal. Kipimo cha haraka kilisema chanya kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Rose Bengal ilisema chanya kwa karibu mmoja kati ya mia. Na hao walikuwa wagonjwa waliokwenda hospitali. Mtunza bohari hana homa, hatoki jasho usiku, mgongo haumuumi.

Sasa pimeni gharama. Tiba ya brusela ni angalau dawa mbili, na ile ya kawaida ni wiki sita za doksisaiklini pamoja na rifampisini, au pamoja na sindano za streptomaisini kwa wiki mbili hadi tatu za mwanzo. Rifampisini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Kuitumia ovyo ni kuchezea dawa ambayo jirani yako ataihitaji, na pia hupunguza nguvu ya dawa nyingine, zikiwemo baadhi za kisukari na za kupanga uzazi. Anayenunua vidonge vya wiki moja dukani, kama wengi wanavyofanya, hupata hasara mbili: kama hana brusela ametumia dawa bure, na kama anayo hajaitibu. Mchunga ngamia au mfanyakazi wa machinjio mwenye homa na maumivu ya viungo ni kesi nyingine kabisa. Huyo apelekwe hospitali, apimwe kipimo cha kuthibitisha, atibiwe kikamilifu. Kwa mtu asiye na dalili, alama hiyo inadai maswali, kipimo cha pili, na maziwa yachemshwe. Yaliyosemwa hapa yanafaa pia kwa kipimo cha Widal cha taifodi kinapowekewa alama kwa mtu asiye na homa.

Hoja ya tano inafunga mjadala kwa wengi: kama lingekuwa jambo kubwa, mwajiri angeniita. Msemaji huyo huyo, ukimuuliza kama angependa bosi asome majibu yake ya mkojo, atakuambia la hasha. Ameweka ulinzi wake mikononi mwa mtu ambaye hataki aone ushahidi.

Sheria iko upande wa siri yake. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, habari za afya ni data nyeti, na hushughulikiwa na mtoa huduma ya afya au mtu anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Uchunguzi wa afya unaodaiwa na kanuni za usalama kazini za mwaka 2005, zinazoendelea chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, lengo lake ni kujua kama kazi fulani inamdhuru mfanyakazi na kama anafaa kuendelea nayo. Mwajiri anahitaji kujibiwa swali hilo: anafaa, anafaa kwa masharti, au hafai. Presha ya 156/98 haimzuii mtunza bohari kufanya kazi yake, kwa hiyo cheti kitasema anafaa, nacho kitakuwa kimesema kweli. Lakini kufaa kazini na kuwa mzima ni maswali mawili. Mwajiri akinyamaza, amejibu la kwanza tu. La pili limo kwenye bahasha aliyokabidhiwa mwenyewe.

Wasomaji, hoja tano zimeanguka, lakini hukumu lazima iseme nini kifanywe. Kila mstari wa ripoti uulizwe maswali matatu. Kama namba hii ni ya kweli, inaweza kuniumiza haraka kiasi gani? Je, kuna mstari mwingine unaosema jambo lile lile? Na je, imewahi kuonekana hapo awali, au itaonekana tena nikipimwa upya? Tuyatumie kwa mtunza bohari.

Potasiamu inatangulia, ingawa pengine ni ya uongo. Potasiamu ya kweli iliyopanda inaweza kuvuruga moyo bila onyo, kwa hiyo irudiwe ndani ya siku moja, kwa damu mpya inayopimwa papo hapo mjini bila kusafiri. Kufika 6.0 au zaidi, au kuhisi udhaifu au moyo kwenda mrama, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Kama kipimo kipya kinasoma 4.5, alama hiyo imekwisha.

Kinachofuata ni kundi la mistari mitatu inayosimulia jambo moja: presha 156/98, sukari 7.8, protini kwenye mkojo. Kila mmoja peke yake una utetezi. Yurea iliyopanda huku kreatinini ikiwa sawa huweza kuonyesha alikuwa na upungufu wa maji, na mkojo mzito huweza kutoa protini kidogo. Lakini presha na sukari ndivyo visababishi vikubwa vya kuharibika kwa figo, na protini ni ishara ya mapema ya uharibifu huo. Mistari mitatu inapoelekeza kidole mahali pamoja, huwezi kuitetea mmoja mmoja na kuiachilia yote. Ndani ya wiki mbili apime presha siku mbili tofauti kabla ya miraa, sukari asubuhi bila kula, na mkojo wa kwanza wa asubuhi baada ya kunywa maji ya kutosha siku iliyotangulia. Vikithibitika, aanze kutibiwa. Kama presha ingekuwa 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, hakungekuwa na wiki mbili. Ingekuwa hospitali mara moja.

Brusela inasubiri dalili au kipimo cha kuthibitisha. Yurea itaangaliwa tena siku hiyo ya mkojo. Nyutrofili zirudiwe mara moja katika miezi michache. Zikibaki hapo hapo, aandike namba hiyo kama kawaida yake ili mwakani isimtishe, na aihifadhi ripoti yenyewe, maana ripoti ya mwaka uliopita ndiyo mpaka wa kawaida unaomhusu yeye hasa.

Basi alama nane zimekuwa hivi: moja ya kurudia kesho, mbili za kufuatilia ndani ya wiki mbili pamoja na presha ambayo hakuna mashine iliyoiona, na tano ambazo hazimdai dawa yoyote leo. Aliyehesabu alama angeogopa nane, na aliyezidharau angeacha zote. Wote wawili wangeikosa 156/98.